Mbwa Mzee Anayebwekea Ukuta Saa Nane Usiku: Kutafuta Chanzo na La Kufanya

Mbwa wengi wa ulinzi hapa Uganda hufungiwa bandani mchana kutwa, kisha hufunguliwa giza likiingia. Wamezoeshwa hivyo tangu wakiwa wadogo. Ndiyo maana dalili inayotajwa sana, kwamba mbwa ambaye ubongo wake unazorota hulala mchana na kukesha usiku, peke yake haitusaidii. Mbwa wetu wanakesha kwa sababu ndiyo kazi yao. Cha kutazama ni kile anachokifanya akiwa macho: anabweka akielekea wapi, anatulia akisikia sauti ya nani, na akiitwa anakuja au anabaki amesimama.

Nitaeleza kwa kumfuata mbwa mmoja niliyemtibu, Simba, wa mwanajeshi mstaafu anayeishi Bombo. Simba alikuwa na miaka 13 na uzito wa kilo 24, chotara mwenye damu ya mbwa wa Kijerumani. Afande alinipigia simu asubuhi, sauti yake imechoka. "Daktari, mbwa wangu anabwekea ukuta. Si geti. Ukuta." Majirani walikuwa wamelalamika mara mbili, na kijana mmoja alikuwa amemshauri ampe Piritoni ili alale.

Ushauri huo wa Piritoni nitaurudia baadaye, kwa sababu ni kosa linalofanywa sana.

Swali la kwanza: ilianza ghafla au polepole?

Ubongo wa mbwa hauzeeki kwa wiki moja. Hubadilika kwa miezi, na mara nyingi mwenye mbwa akiulizwa vizuri hukumbuka kwamba mambo madogo yalianza zamani kuliko alivyodhani. Afande alisema tatizo lina wiki tatu. Mkewe, aliyekuwa akimwaga maji ya kuosha vyombo, akasema hapana, tangu kabla ya Krismasi Simba alikuwa anasimama nyuma ya tangi la maji kama amesahau alichofuata. Hiyo ilikuwa miezi mitano.

Kama mabadiliko yamekuja kwa siku moja au chache, usifikirie uzee kwanza. Katika nchi yetu fikiria kichaa cha mbwa, hasa kama chanjo yake imepitwa na wakati. Mbwa mwenye kichaa hubadilika haraka: mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mpole kupita kiasi, mlio wake unabadilika, mate yanamtoka, taya linalegea, anashindwa kumeza. Hali huzidi kila siku na kwa kawaida anakufa ndani ya siku 10 hivi tangu dalili zionekane. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali asipoweza kumgusa mtu, kisha mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kupata mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Jambo jingine la ghafla hutisha sana lakini mara nyingi lina mwisho mwema. Mbwa mzee anaamka kichwa kimelala upande mmoja, anapepesuka na kuangukia upande huohuo, na macho yanacheza kushoto na kulia bila kutulia. Huo kwa kawaida ni ugonjwa wa viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku tatu na hutembea vizuri baada ya wiki mbili au tatu. Nimeona watu wakiomba mbwa wa namna hii achomwe sindano ya kufa siku ya kwanza. Subirini kidogo, mkimpa maji na chakula karibu na mdomo.

Simba hakuwa na lolote kati ya haya. Chanjo yake ilikuwa ya mwaka huohuo.

Anaamka usiku: maumivu, mkojo, macho au ubongo?

Kabla sijaenda Bombo nilimwomba afande afanye mambo mawili kwa siku tatu. La kwanza, achukue video kwa simu kila Simba anapoamka, bila kumwita wala kummulika usoni, na aandike saa. La pili, apime maji.

Kupima maji ni rahisi. Jaza chombo kilichopimwa asubuhi, funga maji mengine yote anayoweza kuyafikia, na kesho saa ileile angalia kilichobaki. Mbwa hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo yake kwa siku, zaidi kidogo kukiwa na joto. Akipita mililita 100 kwa kilo, yaani lita 2.4 kwa mbwa wa kilo 24, kuna jambo: figo, kisukari, au ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Mbwa kama huyo anaamka kwa sababu kibofu kimejaa, na anayemwona akizunguka mlangoni anaweza kudhani amechanganyikiwa. Simba alikunywa karibu lita moja na nusu. Nilipima mkojo wake kwa kijiti na sukari ya damu kwa mashine ileile wanayotumia watu. Sukari haikuwepo kwenye mkojo, na damu ilikuwa sawa. Vipimo vya figo tulivipeleka maabara Kampala, vikarudi vizuri.

Nilitazama pia ufizi na joto lake. Hapa kwetu mbwa mnyonge, mwenye ufizi mweupe, homa au damu ya pua, huenda ana ugonjwa wa kupe. Na anayeishi karibu na vichaka vyenye mbung'o, akiwa na homa, macho yenye ukungu wa kibluu na uvimbe usoni, apimwe damu kutafuta vimelea vya nagana, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kufika ubongoni. Umri wa mbwa usikufanye uruke kipimo cha damu.

Video ndizo zilizonifundisha zaidi. Ya kwanza ilikuwa ya saa sita usiku. Simba anaanza kuinuka, miguu ya nyuma inateleza kwenye sakafu ya simenti, anaguna, anakaa, anajaribu tena. Akishasimama analamba goti. Hilo ni yabisi la viungo, si ubongo. Mbwa mwenye maumivu hulia au kubweka anapobadilisha mkao, na akishatembea dakika chache hutulia. Ya pili ilikuwa ya saa nane. Simba yuko kwenye kona kati ya ukuta na tangi, uso karibu ugonge matofali, anabweka mbweko mmoja kila baada ya sekunde kadhaa, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Mkia hausemi chochote. Geti liko nyuma yake na hata haligeukii. Mke wa afande anasikika akimwita kwa jina; sikio moja linacheza, lakini mwili hauendi.

Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili kwa mbwa mmoja. Hii ndiyo hali ya kawaida, na ndiyo maana watu wanapotea: wakipata chanzo kimoja wanaacha kutafuta.

Anapotea kwenye ua wake mwenyewe

Kupotea kuna sababu mbili kubwa zinazofanana kwa mbali: haoni au hasikii, na hakumbuki.

Kwa macho, angusha pamba mbele ya mbwa. Pamba haina sauti wala harufu kali, hivyo anayeona ataifuata kwa macho. Kisha panga viti na ndoo njiani, mwache apite kwenye mwanga, halafu apite tena jioni. Anayegonga vitu jioni tu ana shida ya macho kwenye giza. Kwa masikio, subiri alale na upige makofi mbali naye, nyuma yake, bila kukanyaga sakafu kwa kishindo. Mbwa kiziwi hubweka kwa nguvu ajabu kwa sababu hajisikii, na ukimgusa ghafla anaweza kukuuma kwa kushtuka, hata kama amekulelea watoto.

Asiyeona hujifunza njia. Ukiacha vitu mahali pake, wiki ya pili anapita bila kugonga. Mbwa ambaye ubongo wake unazorota anaona njia lakini haijui tena. Atakwenda kwenye mlango akasimama upande wa bawaba, akisubiri ufunguke pale usipofunguka. Ataingia nyuma ya kochi na asijue kwamba kurudi nyuma kunatosha. Atatoka nje, atasimama kwenye nyasi dakika kumi, atarudi ndani na kukojoa sebuleni. Alama hizo tatu nikiziona pamoja kwa mbwa anayeona na kusikia, huwa sina shaka kubwa.

Simba aliifuata pamba. Alisikia makofi, ingawa kwa kuchelewa. Nilipomfungulia mlango wa jikoni alienda kwenye bawaba, mara mbili kati ya tatu. Afande alinyamaza muda mrefu. "Alikuwa ananifungulia geti huyu," akasema, "nikija usiku anajua pikipiki yangu toka barabarani."

Kinachotokea ndani ya kichwa kinakaribiana na ugonjwa wa alzaima wa binadamu: protini iitwayo bita-amiloidi inajikusanya kati ya seli za ubongo, seli zinakufa, ubongo unasinyaa. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha kwa mbwa wa nyumbani. Tunafika hapo kwa kuondoa mengine. Wala si jambo la nadra. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifonia huko Davisi waliochapisha matokeo yao mwaka 2001 walikuta angalau dalili moja kwa asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, na kwa asilimia 68 ya wa miaka 15 hadi 16.

La kufanya: anza na maumivu

Nilianza na viungo kwa sababu ndivyo vinavyotibika haraka, na kwa sababu mbwa asiyelala kwa maumivu huchanganyikiwa zaidi. Figo zilikuwa nzuri, kwa hiyo Simba alipata meloksikamu ya mifugo: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku pamoja na chakula. Tulimwekea godoro kuukuu na mkeka wa plastiki juu ya simenti ili asiteleze. Usimpe mbwa diklofenaki wala ibuprofeni za nyumbani. Zinatoboa tumbo na kuua figo, na nimewaona wakifa kwa vidonge vichache tu.

Baada ya wiki mbili kule kuguna kwa saa sita usiku kuliisha. Kule kubwekea ukuta kwa saa nane usiku kulibaki. Hapo ndipo nilipojua ni sehemu gani ni ya ubongo.

Mpe mchana wake

Huku kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Ni saa ya ndani ya mwili inayofaa kabisa, lakini mbwa aliyefungiwa kwenye banda lenye giza haioni. Nilimwomba afande amstaafishe Simba, kama yeye mwenyewe alivyostaafu. Afande hakupenda, akauliza nani atalinda. Kulikuwa na mbwa mdogo wa miaka miwili. Yeye ndiye akaanza kufunguliwa usiku.

Simba alianza kutolewa saa moja asubuhi, akatembezwa taratibu juani dakika 20, na tena saa kumi na moja jioni. Mchana banda lilikuwa wazi. Chakula kiligawanywa mara mbili, cha jioni kabla ya giza, na sehemu yake ikafichwa: vipande vya posho na dagaa wa mukene ndani ya trei ya mayai iliyofunikwa kwa kitambaa, avitafute kwa pua. Kazi ya kunusa huuchosha ubongo kwa namna nzuri, na mara nyingi pua ndiyo ya mwisho kumwacha mbwa mzee. Saa nne usiku alipelekwa kukojoa akiwa amefungwa kamba, mahali palepale kila siku, ili asisahau alichoendea.

Usiku alilala kwenye veranda ya jikoni, karibu na dirisha la mama mwenye nyumba, badala ya ua mzima. Pembe ya tangi ilizibwa kwa mabati. Taa ndogo ya sola ilibaki inawaka, kwa sababu umeme ukikatika ghafla mbwa wa namna hii hupoteza hata kile kidogo anachokishika.

Kuhusu chakula, mukene ni kitu chema: una mafuta ya omega-3 ambayo ubongo unayahitaji. Uoshe mara kadhaa mchanga utoke, uchemshe bila chumvi wala kitunguu. Mafuta maalumu ya mnyororo wa kati yameonyesha kuwasaidia mbwa wazee kufikiri, maana ubongo unaoshindwa kutumia sukari vizuri hupata nishati nyingine kutoka kwake. Mafuta ya nazi ya dukani si kitu kilekile, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni asidi ya lauri ambayo haifanyi kazi hiyo vizuri. Yakizidi huleta kuhara na hata kuumiza kongosho. Mimi siyashauri.

Dawa, na hatari iliyo kwenye dumu la kupe

Sasa Piritoni. Inasinziza, ni kweli. Lakini dawa za jamii hiyo huzuia kemikali ileile ambayo ubongo unaozorota tayari umepungukiwa nayo. Mbwa analala kwa muda wa saa mbili, kisha anaamka amechanganyikiwa zaidi. Vivyo hivyo sindano za kumlegeza: mwili unalala, hofu inabaki.

Kwa kulala tulitumia melatonini, miligramu 3 kwa mbwa wa ukubwa huo, saa moja kabla ya kulala. Soma kopo: ikiwa na zailitoli, sukari mbadala ya kutia utamu, usinunue, ni sumu kwa mbwa. Melatonini ilisogeza kuamka kutoka saa nane hadi karibu saa kumi alfajiri, si zaidi.

Dawa inayolenga ugonjwa wenyewe ni selegilini, ambayo kwa binadamu hutibu ugonjwa wa Pakinsoni. Kwa mbwa ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, mara moja, asubuhi. Ukiitoa jioni itamkesha. Inahitaji wiki nne hadi nane kabla ya kuhukumiwa, na haiwasaidii wote. Daktari aiandike, kwa sababu ya jambo hili: haichanganywi na amitrazi.

Nikamuuliza afande anawaoshea mbwa wake nini kwa ajili ya kupe. Akanionyesha dumu la dawa ya ng'ombe, amitrazi. Wafugaji wengi hapa wanaogesha mbwa kwa mabaki ya dawa ya ng'ombe na hawaoni kuwa ni dawa, wanaona ni sabuni. Amitrazi na selegilini huzuia kimeng'enya kimoja mwilini. Zikikutana, shinikizo la damu na mapigo ya moyo vinaweza kuharibika vibaya. Selegilini haichanganywi pia na tramadoli wala dawa za sonona. Tuliacha amitrazi, tukatumia fipronili ya kupaka mgongoni, tukangoja wiki mbili nzima. Ndipo Simba akaanza miligramu 12.5, vidonge viwili na nusu vya miligramu 5, kila asubuhi.

Wiki ya tatu afande alisema hakuna kitu. Wiki ya sita alinipigia mwenyewe: Simba amekwenda getini aliposikia pikipiki. Alikuwa bado anaamka, mara moja kwa usiku badala ya nne au tano, na mama akimwita kupitia dirishani alirudi kwenye godoro. Bawaba ya mlango iliendelea kumshinda. Hakuna dawa inayorudisha kilichokwisha kufa ubongoni. Tulichopata ni miezi.

Kujua ilipofika

Nilimwachia afande kazi moja. Kwenye kalenda ya ukutani atie alama ya X kila usiku ambao Simba amelia au kuhangaika zaidi ya saa moja, na nukta kila siku aliyokataa chakula au kutowatambua watu wa nyumbani. Anayeishi na mbwa kila siku huzoea hali inavyoshuka, kalenda haizoei. Tulikubaliana mapema kwamba X zikizidi nusu ya mwezi licha ya dawa, tutaongea upya.

Kwa miezi minane X zilikuwa nne, tano, sita kwa mwezi. Mwezi wa tisa zilikuwa 17, na nukta 11. Simba alimng'ata kidogo mjukuu aliyempelekea maji, mbwa ambaye hakuwahi kumuuma mtoto. Kidonda kilioshwa kwa sabuni dakika 15, mtoto akapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, na Simba akawekwa peke yake chini ya uangalizi siku 10 ingawa chanjo yake ilikuwa hai. Siku ya 11 afande alinipigia, akasema tu, "Daktari, njoo na ile sindano, na uje asubuhi, wakati bado kuna jua kwenye veranda." Nilifika saa tatu. Mama alikuwa ameshampikia mukene.